Mbona maji hujaa mara mbili?

"Kama mwezi ndio unaovuta bahari, mbona maji hujaa mara mbili kwa siku na si mara moja?"

Kinachoinua maji ni tofauti ya mvutano kati ya upande mmoja wa dunia na wa pili. Upande unaoukabili mwezi huvutwa zaidi kuliko kitovu cha dunia. Upande wa nyuma, ulio mbali zaidi, huvutwa pungufu. Kati ya pande hizo tofauti hufika kama asilimia 7. Kwa hiyo maji ya mbele huitangulia dunia kidogo, ya nyuma huachwa, na miinuko huwa miwili. Dunia ikijizungusha, pwani huipitia yote. Mwezi nao husogea, ndiyo maana maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi.

Haya ni maelezo ya Newton ya mwaka 1687, na kuhusu mwendo wa kila saa 12 na dakika 25 ni sahihi. Lakini yapeleke Unguja uone yanavyokwama. Mwezi unapoandama, jua na mwezi viko upande mmoja, juu kabisa karibu saa sita mchana. Kwa maelezo hayo maji yangejaa saa hiyohiyo. Kumbe bamvua la Unguja, yaani maji makubwa ya siku hizo, hujaa karibu saa kumi, jioni na alfajiri, na hupwa karibu saa nne, ndipo wakulima wa mwani wa Paje wanaposhuka mashambani. Kimo nacho hakilingani: miinuko ya mwezi peke yake ingetoa nusu mita hivi, na ukijumlisha jua bado hufiki mita moja. Bamvua la Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4.

Mwanahisabati Mfaransa Laplace, katika miaka ya 1770, alionyesha kilichokosekana: maji kujaa ni wimbi refu, na kasi ya wimbi hilo hutegemea kina. Penye kina cha kilomita 4 huenda kama kilomita 700 kwa saa, hali uso wa dunia kwenye Ikweta huzunguka kwa kilomita 1,670. Mwinuko hauwezi kuufuata mwezi, na mabara pia huuzuia. Maji basi huyumba kama ya kwenye beseni linalosukumwa: msukumo ukilingana na myumbo wake, hupanda sana, usipolingana, hutulia.

Wapo wanaosema basi Newton aachwe kabisa. Sikubaliani nao, kwa sababu bila ile miinuko miwili hakuna msukumo wa saa 12 na dakika 25. Mwezi hupanga mwendo. Umbo la bahari hupanga kimo na saa.

Ghuba ya Tonkin, kaskazini mwa Vietnam, inaonyesha hayo. Mwezi ukitoka juu ya Ikweta, miinuko miwili haiwi sawa, hivyo huzaliwa pia msukumo wa mara moja kwa siku. Ghuba ile huitikia msukumo huo zaidi, na siku nyingi maji yake hujaa mara moja tu.