Muundo msingi wa Katiba: nani ashike breki, majaji au wapiga kura?

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipokataa nadharia ya muundo msingi, yaani kwamba kuna nguzo za Katiba zisizoweza kubadilishwa kwa njia ya kawaida ya marekebisho, kwenye kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, Machi 2022, kuna watu walidhani basi Bunge limepewa rungu la kuifanyia Katiba litakavyo. Sio kweli, ila pia sio kwamba hofu yao haina msingi.

Chukua mfano wabunge wanataka kuondoa ukomo wa mihula ya rais. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza unakaa siku 90 kabla haujasomwa ya pili, alafu unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote kwenye kila bunge, Bunge la Taifa na Seneti. Na hapo bado, maana muhula wa rais uko kwenye orodha ya Kifungu 255 ya mambo yasiyobadilishwa bila wananchi kupiga kura, kwa hiyo lazima iende kura ya maoni. Mahakama ya Juu ikasema ngazi hizo zinatosha, majaji 6 dhidi ya 1. Mahakama Kuu na ile ya Rufaa mwaka 2021 zilikuwa zimesema hapana, ukigusa msingi wenyewe lazima wananchi waelimishwe, watoe maoni, liitishwe bunge la katiba, ndio sasa wapige kura.

Hoja ya Mahakama ya Juu naielewa. India, kesi ya Kesavananda ya 1973, majaji 7 dhidi ya 6 waliweka hii nadharia kwa sababu kule Bunge linabadilisha katiba bila kura ya maoni, sasa nani mwingine angelizuia kama sio mahakama? Kenya mwananchi mwenyewe anaulizwa, na jaji ambaye hakuchaguliwa na mtu akisema hata mkikubali wote haiwezekani bila bunge la katiba, ambalo Katiba haijalitaja popote, hapo amejipa mamlaka makubwa mno.

Lakini upande wa pili una historia yake. Mwaka 1982, chini ya katiba ya zamani, wabunge peke yao waliingiza kifungu cha 2A na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, utaratibu ulifuatwa vizuri tu. Leo hilo halipiti kirahisi hivyo, ila angalia kiwango cha kura ya maoni: angalau 20% ya waliojiandikisha wajitokeze katika kila kaunti kwenye angalau nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47, na wingi wa kawaida wa kura. Wakijitokeza watu 20% hivi nchi nzima, kura za "ndiyo" zinazotosha kupitisha ni za kama mtu mmoja kati ya kumi waliojiandikisha. Sasa hao ndio "wananchi wameamua"?

Kwangu mimi shida iko hapo kwenye hiyo 20% kuliko kwenye nadharia. Kuipandisha kunawezekana, ila kizingiti chenyewe kiko kwenye sura ya marekebisho, na sura hiyo nayo iko ndani ya orodha ya 255, kwa hiyo kura ya kukipandisha itapitishwa kwa kizingiti hikihiki cha sasa. Na wa kukishusha naye atatumia hichohicho.