Dakika ya sauti si dakika ya kazi

"Kaka, mimi niko Malindi. Nimepata mteja wa Lamu mwenye mahojiano ya dakika 90, kwa Kiswahili, yamerekodiwa kwa simu. Anataka niyanukuu, yaani niyasikilize na kuyaandika yote, na nimtajie bei kwa dakika ya sauti. Nimesikiliza kidogo, kuna upepo na injini za boti. Nikubali bei ya dakika, au nidai kulipwa kwa saa ninazokaa kazini?"

Mteja anayeuliza bei ya dakika ana haki yake. Faili lake linasomeka lina dakika ngapi, anazidisha, anajua atatoa shilingi ngapi kabla hujagusa kibodi. Ukimwambia utalipisha kwa saa, unamtaka mtu asiyekujua akuamini: akupe kazi leo, kesho umwambie zilikwenda saa 12, naye hana njia ya kuhakiki. Bei ya dakika inakufaa na wewe vilevile, kwa sababu ukizidi kuwa mwepesi faida ni yako.

Ubaya wake ni kwamba hasara yote ya sauti mbovu inaangukia kwa mnukuzi, ilhali aliyeiweka simu mbali na msemaji ni mteja. Mnukuzi aliyebanwa hivyo hufanya mojawapo ya mawili: anaharakisha na kubahatisha maneno, au anajaza "haisikiki" kila mahali. Kwa vyovyote vile mteja anapokea kazi isiyomfaa.

Mimi nakubali bei ya dakika, lakini siitaji kabla ya kupima. Chukua kazi niliyoifanya hapa Lamu, mahojiano na mafundi wa mashua wa Matondoni, nayo yalikuwa ya dakika 90. Nilikata vipande vitatu vya dakika 3, mwanzo, kati na mwisho, nikavinukuu kikamilifu huku saa ikinihesabia. Cha mwanzo, walipokuwa barazani, kilinichukua dakika 13. Cha kati kilirekodiwa pwani wakati wa kusi, penye upepo na nyundo, kikala dakika 31. Cha mwisho kilikuwa 16. Jumla ni saa nzima kwa dakika 9 za sauti. Kila kipande kiliwakilisha karibu nusu saa ya mazungumzo, kwa hivyo zote 90 zingehitaji saa 10. Nikaongeza saa 2 za kusikiliza tena tangu mwanzo huku nikisoma nilichoandika, zikawa 12.

Lengo langu lilikuwa Sh 400 kwa saa. Kama sauti yote ingekuwa safi kama ya barazani, kazi ingekuwa ya saa 8 na nusu pamoja na uhakiki, na Sh 38 kwa dakika zingenitosha. Kwa bei hiyohiyo, sauti ile niliyopewa ingenipa Sh 285 kwa saa. Bei iliyostahili ilikuwa Sh 54. Hizo ni hesabu zangu. Weka lengo lako mwenyewe, njia ni hiyo moja.

Usidhani kasi ya vidole ndiyo itakuokoa. Tuseme msemaji anatoa maneno 120 kwa dakika nawe unachapa 40: dakika moja ya sauti inataka dakika 3 za kuchapa tu. Ukijifunza kuchapa 60, zinashuka hadi 2, na hiyo ni nafuu kubwa kwenye sauti safi. Kwenye kipande cha pwani vidole vyangu vilikuwa vimekaa tu. Muda ulikwenda kwenye kurudisha nyuma sekunde 4, kusikiliza, kurudisha tena. Kanyagio la mguu au kitufe kimoja cha kurudisha nyuma husaidia, na kupunguza mwendo wa sauti husaidia pia, ila neno lililofunikwa na upepo hubaki limefunikwa hata likichezwa taratibu.

Hapo kwenye kurudisha nyuma ndipo usahihi unapopatikana au kupotea. Fundi mmoja alisema neno ambalo mara ya kwanza nililisikia "tukalipwa". Upepo ulikuwa umemeza mwanzo wa neno. Niliposikiliza mara ya tano kwa hedifoni niligundua irabu ya kati ni *u*, si *a*: "-tukulipwa". Basi alikuwa amesema "hatukulipwa". Irabu moja ilikuwa imegeuza malalamiko kuwa shukrani. Kazi ya dakika 90 kwa mwendo ule ina maneno kama 10,800. Hata ukiwa sahihi kwa asilimia 99, maneno 108 yamekosewa, na ikiwa moja kati ya hayo ni kikanushi, ripoti ya mteja imeharibika. Ndiyo maana siziondoi zile saa 2 za uhakiki kwenye bei.

Kwa wewe wa Malindi kuna jambo la pili: wazee wa huku wanasema Kiamu, lahaja ya Lamu. Ukisikia "mti" mahali ambapo maana haikai, huenda ni "nti", yaani nchi. "Mtanga" ni mchanga, "mato" ni macho, "mai" ni maji, "ndia" ni njia. Muulize mteja mapema kama anataka maneno yabaki yalivyotamkwa au yageuzwe kuwa Kiswahili sanifu. Mtafiti wa lugha atakasirika ukiyageuza, na mwandishi wa ripoti huenda akakasirika usipoyageuza.

Kabla ya kupima, omba faili la asili. Sauti iliyorushwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti huwa imebanwa, na kilichopotea humo hakirudi. Mwambie aitume kama hati. Halafu ijaribu kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: chagua sekunde chache zenye kelele tupu, fungua `Noise Reduction`, bonyeza `Get Noise Profile`, kisha uitumie kwa faili zima. Mvumo wa feni au jenereta unaosikika sawasawa mwanzo hadi mwisho hupungua vizuri. Upepo unaopiga maikrofoni kwa vishindo na watu wawili wanaosema kwa pamoja hawatenganishwi hivyo. Ukizidisha, sauti ya mtu huwa kama inatoka majini na herufi *s* na *f* hufifia, kwa hivyo mahali pa shaka narudi kwenye faili la asili.

Pale ninapoweka alama, naweka na muda: `[haisikiki 00:41:17]`, au `[hatukulipwa? 00:41:17]` ninapokuwa na dhana. Mteja aliyekuwepo kwenye mahojiano anaweza kujaza pengo hilo kwa sekunde chache, jambo ambalo mimi singelimaliza kwa robo saa.

Kuna wanaopanga daraja: bei ya sauti safi na bei ya sauti mbovu. Naona ugomvi huzaliwa hapo, kwani kila mtu ana kipimo chake cha ubovu. Dakika 31 kwa dakika 3 ni kipimo kisichobishaniwa, na mteja ukimpa vipande hivyo vilivyonukuliwa anaona mwenyewe. Lakini tuwe waadilifu: mwanafunzi mwenye bajeti ndogo huenda asiimudu Sh 54, na kumng'ang'ania ni kumpoteza. Mteja wa kazi ile ya Matondoni nilimwonyesha kwamba ile nusu saa ya pwani peke yake ingekula saa 5 na dakika 10, zaidi ya nusu ya muda wote wa kunukuu. Akasikiliza, akaniambia anachohitaji pwani ni dakika 11 tu, pale mafundi walipozungumzia bei ya mbao. Tukakubaliana juu ya dakika 71, akanitumia orodha ya majina ya watu na mbao zilizotajwa, nikaanza kazi asubuhi iliyofuata.