Chaji ilivyoniumbua kwenye arobaini ya babu

Jamani binamu yangu ameshasambaza ile stori, tangu asubuhi natumiwa picha za chaja tu, sasa ngojeni niseme mwenyewe maana yeye katia chumvi. Sikutaja pawabenki. Narudia, SIKUTAJA.

Shangazi kaniita nisome shairi, turubai limejaa, ubeti wa pili watu wote wameinamisha vichwa:

Umelala kaburini, umetuachia mji,
Machozi tele machoni, yatiririka ja maji,
Twauliza ni kwa nini, hatunaye mfariji,
Tumebakia gizani, simu imekwisha chaji.

Hebu nionyeshe ilivyokuwa. Nafika "gizani", navuta pumzi, shangazi tayari kainua ncha ya khanga anaipeleka machoni, naibwaga "chaji" kwa sauti ya kutetemeka kabisa, na ile khanga ikagandia hewani. Kimyaaa. Halafu mtani mmoja kule nyuma, "Mpeni chaja mtoto wa watu!" na watani msibani mnawajua, turubai zima likalipuka, hadi shehe kainama eti anatafuta kandambili zake.

Cha kuuma zaidi mizani ilikuwa safi, nane kwa nane, vina vimekaa! (Wale wa "vina vikikaa shairi limekaa", mpo?) Tatizo nililiona usiku nikijisomea kwa sauti. Mishororo mitatu inatembea na kaburi, machozi, "ja maji" ya kizamani, halafu ghafla simu. Na lile neno silo lililoletwa na huzuni, nililileta mimi kwa sababu nilikuwa naisaka "ji" kwa udi na uvumba, ndiyo maana kicheko kikaangukia palepale kwenye kina.

Nikarekebisha: "Tumebakia gizani, kimezimika kijiji." Nikajiona bingwa. Nikamsomea shangazi, akauliza, "Luku imeisha?" Kumbe simu nimeitoa ila umeme nimeuacha. Nikaweka "kimenyamaza kijiji", akanyamaza na yeye, akaniambia rudia. Hapo ndo nikajua limekaa.

Ila simu yenyewe haina kosa bwana. Babu alikuwa na kale kasimu ka tochi, anatupigia kila jioni kuuliza kama tumekula. Ningekaingiza ubeti wa kwanza, kanalia jioni, wajukuu wanagombania kupokea, basi chaji ikiisha kwenye ubeti wa pili hata yule mtani angelia. Mimi nimeitoa simu mfukoni mshororo wa mwisho bila hodi, mnategemea nini?

Siku ile baada ya kicheko pilau likaliwa, nikasingizia tumbo, nikapanda boda. Ubeti wa tano nao ulikuwa na "fulu mzuka", ule haukusomwa na hautasomwa, na binamu kama unao kwenye simu yako ufute leo hii.