Katuni ya Kikoba na Faida ya Kurudia Picha Ile Ile

Kwa muda mrefu sasa, mimi na wenzangu wawili hapa Dodoma tumekuwa tukitengeneza katuni ya dakika sita inayoeleza jinsi kikundi cha kuweka na kukopa kinavyogawana fedha mwisho wa mzunguko. Walengwa wetu ni watu wazima wa vijijini, Chamwino na Bahi, ambao hawasomi au wanasoma kwa shida, ingawa fedha wanazihesabu bila kukosea kila siku ya mnada. Maoni yangu ni kwamba katuni ya namna hii inafaulu au inashindwa kwenye jambo moja tu, nalo ni kama mtazamaji ameelewa kwamba mgao hufuata hisa na haufuati idadi ya watu.

Mambo mengine ya kikoba hayahitaji katuni. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu mtu analiona kwa macho, na watunza funguo watatu anawajua kwa majina. Hisa nayo inaonekana, kwa sababu kila mwanachama ana kijitabu, na katika kila kikao hununua hisa kuanzia moja hadi tano, hisa moja ikigongwa muhuri mmoja, kisha nafasi zilizobaki tupu hupigwa mstari ili mtu asije akaongeza mihuri baadaye. Mgao ndio usioonekana, kwa kuwa hufanyika mara moja baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, na hesabu yake ni ya kugawanya, ambayo mtu asiyeandika hana njia nyepesi ya kuikagua.

Toleo letu la kwanza lilikosea papo hapo. Tulichora wanawake watatu wameketi chini ya mbuyu, kila mmoja na fungu lake la fedha mbele yake, na kwa kuwa tulifuata kanuni za uchoraji wa kisasa, mwanamke aliyeketi mbali tulimchora mdogo na fungu lake likawa dogo. Tulipoionyesha katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, akina mama walianza kunong'onezana kwamba yule wa nyuma amedhulumiwa, ilhali katika hesabu yetu ndiye aliyekuwa na hisa nyingi kuliko wote. Hawakuwa wamekosea kusoma picha. Sisi ndio tuliowaambia, kwa picha yetu, kwamba fedha zake ni kidogo. Tangu siku hiyo vitu vyote vinavyohesabiwa tunavipanga kwenye mstari mmoja, kwa ukubwa mmoja, vikitazamwa kutoka upande mmoja. Mishale ya kuonyesha fedha zinakokwenda tuliiondoa pia, tukachora mkono mzima wa mtu anayeonekana, ukichukua noti sandukuni na kuiweka mahali pake.

Hesabu yenyewe tuliipunguza hadi ikaenea kwenye kioo bila kubanana. Kikundi cha katuni kina wanawake watatu tu, na hisa ni shilingi 2,000, kwa sababu noti hiyo hutambulika hata kwa asiyesoma, kwa rangi yake ya kahawia na kichwa cha simba. Katika vikao vitatu, mwanamke wa kwanza, mwenye kitenge chekundu, anagongewa mihuri mitano. Wa pili, mwenye kitenge cha kijani, mitatu. Na wa tatu, mwenye kitenge cha bluu, miwili, kwa kuwa wiki moja mtoto wake aliugua na hakuweza kununua hisa. Mihuri yote ni kumi, na sandukuni zimo 20,000. Kisha yule wa kijani anakopa 10,000 anunue unga na mafuta ya kukaangia maandazi ya kuuza, kwa riba ya 1,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Mkopo huo hauzidi mara tatu ya akiba yake ya 6,000, kama vikundi vingi vinavyojiwekea. Anaporejesha 13,000, sanduku linakuwa na 23,000.

Miezi mitatu hiyo hatukuionyesha kwa kalenda. Nyuma ya nyumba yake tulichora shamba la uwele, likichipua, likitoa masuke, likivunwa, na hakuna mtazamaji hata mmoja wa Dodoma aliyeuliza ni muda gani umepita.

Hapo ndipo marudio yanapofanya kazi yake. Katika mgao hatuonyeshi mtu akipewa fungu, bali muhuri ukipewa fungu. Vijitabu vitatu vinafunguliwa kwenye mstari mmoja, mihuri kumi yote ikionekana, na mkono unaweka juu ya kila muhuri noti moja ya 2,000, sarafu ya 200 na sarafu ya 100, huku sauti ikisema, "Muhuri mmoja, hisa moja." Tendo hilo linarudiwa mara kumi, kwa mwendo ule ule na sauti ile ile, bila kuruka hata muhuri mmoja. Mwishoni mwenye mihuri mitano ana 11,500, mwenye mitatu ana 6,900 na mwenye miwili ana 4,600, na sanduku linaonyeshwa tupu.

Mwenzangu mmoja, ambaye ni fundi hodari wa katuni, alitaka kila mara pembe ya picha ibadilike ili watazamaji wasichoke, na tulibishana naye kwa siku kadhaa. Mimi nashikilia kwamba kwa mtu anayejifunza kwa macho, kila kinachobadilika ni habari mpya; ukibadilisha pembe, anaanza kutafuta kilichotokea, na fungu linampita. Acha picha itulie, kibadilike kitu kimoja tu, naye atakiona. Isitoshe, kikoba chenyewe kimejengwa juu ya marudio. Kikao kinapofungwa, salio la mfuko hutangazwa na wanachama hulikariri, na kikao kinachofuata huanza kwa wao kulitaja kabla fedha hazijahesabiwa. Ndiyo maana baada ya kila muhuri tumeacha kimya cha sekunde tatu, na kufikia muhuri wa nne watazamaji wenyewe huwa wanaitikia.

Katuni hii ina mipaka yake. Haiwezi kumsaidia mwanachama ambaye mwenzake amekopa na kuhama kijiji, wala haifai kuonyeshwa mchana wa jua kali kwenye simu moja iliyozungukwa na watu ishirini, maana walio pembeni hawaoni mihuri na watabaki na sauti peke yake.

Kujua kama wameelewa pia kuna namna yake. Ukiuliza, "Mmeelewa?" utajibiwa, "Ndiyo," kwa heshima tu. Sisi huweka vijitabu vitatu chini, tunatoa punje ishirini za mahindi, kila punje ikiwa ni elfu moja, halafu tunamwomba mtu mmoja agawe. Katika toleo la kwanza, wengi walitengeneza mafungu matatu yaliyolingana na punje mbili zikawabaki mkononi. Mwezi uliopita, kwa toleo la sasa, bibi mmoja alipokea punje zile, akavivuta vijitabu karibu, akaanza kuweka punje mbili mbili juu ya kila muhuri, akisema kwa sauti ya chini, muhuri mmoja, hisa moja. Alipomaliza alimgeukia mweka hazina wa kikundi chao, aliyekuwa ameketi nyuma yake, akamwambia, "Mwanangu, mwaka huu na sisi tuvifungue vitabu vyote kwa pamoja, hivi hivi."