Mita Iliyolala Ikaamka Imerudi Nyuma

Kituo chenyewe sikitaji. Ni sheli ya pembeni mwa barabara, upande wa Chalinze, malori yanajaza dizeli usiku kucha na mimi ndiye nilikuwa karani wa hesabu. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ikikabidhi, halafu kujaza karatasi ya siku.

Asubuhi hiyo nilikuwa na usingizi wa kufa. Mita ya pampu ya pili ni ile ya zamani ya magurudumu ya namba, kioo chake kimejaa vumbi. Nikamulika na tochi ya simu na kuandika: 615,964. Zamu ilikuwa imefungua na 614,382. Nikatoa, nikapata lita 1,582. Bei naizungusha hapa iwe 3,000 ili usihangaike na kikokotoo: zilitakiwa 4,746,000.

Dada wa pampu ile akaleta vya kwake. Lori la mkopo, lita 100, yaani 300,000, fomu imesainiwa na dereva. Lipa namba 892,000. Taslimu 3,500,000, tukazihesabu mara mbili, mlinzi akazipeleka benki na stakabadhi ikarudi na kiasi hichohicho. Jumla 4,692,000. Shoti ya 54,000.

Na shoti, kwa desturi ya pale, inakatwa kwenye mshahara.

"Dada, hela nyingine iko wapi?"

"Kaka, zote hizo hapo."

"Kagua mfukoni."

Akageuza mifuko yote ya koti. Zikaanguka pipi mbili na kifuniko cha kalamu.

Nikaamua kuwa mpelelezi. Nikachukua fimbo ya kupimia, nikafunua tanki, nikaichovya. Kama kweli lita 1,582 zimetoka, tanki litasema! Tanki halikusema chochote. Lita 18 zinazobishaniwa, kwenye tanki la maelfu ya lita, ni kama milimita moja ya fimbo, na milimita moja ya dizeli hupanda yenyewe ukipumua vibaya. Nilichopata ni suruali kunuka dizeli hadi Ijumaa.

Dada akaanza kufuta machozi. Roho ikaniuma, nikatafuta njia ya huruma. Nikakumbuka lita za majaribio: tukipima usahihi wa pampu, tunajaza kopo la lita 20 kisha tunayarudisha mafuta tankini. Mita imesogea, lakini hakuna aliyelipa, kwa hiyo lita hizo hutolewa kwenye mauzo. Nikaandika: "Majaribio, lita 20". Mauzo yakashuka hadi lita 1,562, sawa na 4,686,000. Shoti ikayeyuka, na ikabaki ziada ya 6,000!

Nikamwambia dada, "Umeona? Mungu hamtupi mja wake." Nikasaini na kupeleka karatasi kwa Mama, mwenye kituo.

Mama anaogopa ziada kuliko shoti. Anasema mwenye shoti huenda kazubaa, ila mwenye ziada kuna mteja kapunjwa au kuna mtu kapika. Jioni akafika, akaketi na kuvaa miwani. Pesa hata hakuzigusa. Aliweka karatasi yangu pembeni ya ile ya zamu ya mchana, akaweka kidole kwenye mstari wa kufungulia.

"Mwanangu, pampu ya pili zamu ya usiku ilifunga na ngapi?"

"615,964, Mama."

"Na zamu ya mchana imefungua na ngapi?"

Kijana wa mchana alikuwa ameandika kwa mkono wake: 615,946.

"Kwa hiyo ililala hapa, ikaamka imerudi nyuma lita 18?"

Kimya. Dada wa usiku, aliyekuwa amekuja kuingia zamu, akadakia: "Labda ilikuwa inamtafuta kaka, Mama."

Mama akagawanya 18 kwa 9, ikatoka mbili bila baki. Akaniambia alifundishwa hivyo na mhasibu wake wa kwanza: tofauti ikigawanyika kwa 9, kabla hujamshika mtu mwizi, tazama kama hujapindua tarakimu mbili jirani. Sita na nne zangu zilikuwa zimebadilishana viti. Ukiweka 615,946 unapata lita 1,564, mara 3,000 ni 4,692,000. Hata shilingi haikuwa imepotea.

Nikamgeukia dada. "Samahani sana, dada yangu."

"Soda baridi, kaka. Na chipsi."

Nikadhani tumemaliza. Mama akashusha kidole mstari mmoja chini.

"Na haya majaribio ya lita 20? Mlitumia kopo gani?"

"Lile letu la bati, Mama, lenye shingo ndefu."

Akafungua droo, akatoa daftari la vifaa. Kopo lilikuwa Wakala wa Vipimo tangu Jumatatu, limepelekwa kuhakikiwa. Kwenye nafasi ya aliyelitoa kulikuwa na sahihi yangu. Nzuri kabisa, inasomeka kila herufi, maana mchana huwa naandika vizuri.