Usifunge, usiwashe au usiguse? Kibao cha Kichina kwenye swichi ya mtambo

Fundi akiingia ndani ya mtambo, kiwanda cha Kichina huning'iniza kibao kwenye mkono wa swichi inayoulisha umeme. Kimeandikwa 禁止合闸，有人工作, na husomwa jin zhi he zha, you ren gong zuo. Ni herufi nane tu. Nne za kwanza zinakataza kitendo na nne za mwisho zinataja sababu, kwamba kuna mtu kazini. Si maneno yaliyotungwa na karakana moja. Yamo katika kanuni za usalama wa umeme za China, na fundi wa huko huyakuta yaleyale popote anapofanya kazi.

Huku kwetu mitambo ya Kichina ina historia ndefu, tangu kiwanda cha nguo cha Urafiki na reli ya TAZARA hadi viwanda vya vigae na nondo vya leo. Vibao vyake huja na mitambo, na mtu fulani hulazimika kuviandika kwa Kiswahili. Hapo wafasiri hugawanyika. Wapo wanaosema onyo lazima libaki fupi kama lilivyo, kwa sababu mkono ulio kwenye swichi hausubiri sentensi iishe. Wengine husema ufupi wa Kichina haubebeki katika lugha nyingine, kwa hiyo ni heri maneno yawe mengi na maana iwe moja. Pande zote mbili zina hoja nzito, na kibao hiki kimoja kinatosha kuzipima.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote. Neno "he" maana yake ni kuunganisha, kukutanisha vitu viwili. Katika swichi, vyuma vikikutana umeme unapita. Kiingereza cha mafundi umeme nacho husema saketi "imefungwa" pale umeme unapopita. Vibao vingi hutufikia vikiwa vimeshapitia Kiingereza, na mfasiri asiye mtu wa umeme huandika kwa uaminifu kabisa: USIFUNGE SWICHI. Sasa msome kama anavyosoma mwendesha mtambo. Kwetu mtu hufungua bomba ili maji yapite na hulifunga ili yakome. Redio tunaifungua ili isikike. Kwa hiyo "usifunge swichi" kwake ni "usikate umeme", yaani uache uendelee kupita. Akiikuta swichi iko chini, atadhani kuna mtu aliyekiuka agizo, na atainyanyua. Kibao kilichowekwa kumlinda fundi aliye ndani ndicho kitakachokuwa kimemwagiza mwenzake awashe.

Na hata tukiliacha suala la umeme, "funga" ni kitenzi kilichobeba mengi mno kiwandani. Fundi hufunga mtambo mpya, yaani anausimika. Hufunga nati kwa kuikaza, hufunga kufuli, hufunga mlango. Na "fungua mashine" kwa mafundi wengi ni kuichambua vipande. Kitenzi cha namna hii kinafaa mazungumzo, ambapo mtu anaweza kuuliza "una maana gani?" Kibao hakiulizwi.

Dawa yake ni kuandika matokeo badala ya mwendo wa vyuma: washa na zima. Hivi havina upande wa pili kwenye mtambo. USIWASHE inaeleweka Mombasa, Mwanza na Bujumbura, tena haimlazimishi msomaji ajue kinachotokea ndani ya swichi. Hapa naona watetezi wa ufupi wameshinda: neno moja sahihi ni bora kuliko maelezo marefu yaliyojengwa juu ya kitenzi kibovu.

Lakini ushindi wao unaishia hapo, kwa sababu USIWASHE peke yake haisemi nini kisiwashwe. Kichina kina neno "zha" linalotaja swichi yenyewe, na mfasiri anayebana nafasi mara nyingi hulitupa. Kwenye kabati lenye swichi sita zilizopangana, kibao kilichoteleza kidogo hakimwambii mtu ni ipi. Ningeandika USIWASHE SWICHI NA. 3, na namba hiyo iwe imepakwa rangi kwenye swichi yenyewe. Neno "breka" ningeliepuka ingawa mafundi umeme wanalitumia kila siku, maana kwenye winchi au kreni liko karibu mno na "breki", na mtu anayesoma haraka huona herufi za mwanzo tu.

Sababu nayo, "kuna mtu kazini", ina watu wanaotaka ifutwe ili herufi za amri ziwe kubwa. Mimi naitetea. Mwendesha mtambo anayesukumwa na msimamizi atimize kazi ya zamu huvunja agizo lisilo na sababu kwa urahisi zaidi, kwa kuwa anaweza kujiambia kwamba lilisahaulika pale jana. KUNA FUNDI NDANI humpa mtu wa kumtafuta kabla ya kugusa chochote. Liandikwe mstari wa chini kwa herufi ndogo kuliko za amri. Nafasi ikiwa finyu kweli, kitakachopungua kiwe sababu, na jina la kitu lisiguswe.

Ubishi mwingine wa haki ni huu: USIWASHE au MARUFUKU KUWASHA? Wanaopenda "marufuku" wana hoja ya kweli. Katazo letu limekaa kwenye silabi moja ndogo, "si". Grisi ikiifunika au rangi ikibanduka, USIVAE GLOVU inakuwa U_VAE GLOVU, na "uvae" ni agizo kamili la Kiswahili. Kwenye mashine ya kutobolea chuma hilo ni jambo zito, kwa sababu pale glovu hunaswa na kekee inayozunguka na kuuvuta mkono. Mchina ana vibao viwili tofauti kuhusu glovu, kimoja cha kuzikataza (禁止戴手套) na kingine cha kuziamuru (必须戴防护手套), na tofauti iko mwanzoni, ambapo herufi mbili nzima zinabadilika.

Hata hivyo MARUFUKU KUWASHA ni karibu mara mbili ya urefu wa USIWASHE, hivyo kwenye bati lenye upana uleule herufi hupungua karibu nusu. Ukiigawa mistari miwili, mstari wa chini unabaki na KUWASHA peke yake, na karatasi au waya ukining'inia mbele ya mstari wa juu umepoteza katazo lote. Naegemea "usi-", kwa sharti moja: isisimame kamwe bila duara jekundu lenye mstari wa mshazari. Kiwango cha China cha alama za usalama, GB 2894, kinagawa alama kwa rangi na umbo: duara jekundu la kukataza, pembetatu ya njano ya kuonya, duara la bluu la kuamuru, na kijani kwa maelekezo. Silabi ikifutika, duara linabaki. Mfasiri anayepewa orodha ya maneno bila picha za vibao amenyimwa nusu ya ujumbe, na ana haki ya kuzidai kabla hajaanza.

Kuna wanaosema basi tubaki na picha tu. Picha inasaidia, lakini ina kikomo. Katika alama za kimataifa za ISO 7010 ipo P031, inayokataza kubadilisha hali ya swichi. Haisemi kama swichi hiyo imewashwa au imezimwa. Na hakuna picha inayosema "dakika kumi".

Muda ndio unaonifanya nisimame na wale wa maneno mengi. Kwenye kasha la kifaa cha kubadili kasi ya mota mara nyingi utasoma 断电10分钟后方可开盖, yaani umeme ukatwe, zipite dakika 10, ndipo inaruhusiwa kufungua kifuniko. Ndani mna kapasita zinazobaki na chaji hata umeme ukishakatwa, na dakika hizo ni za kuisubiri ishuke. Tafsiri fupi huwa FUNGUA BAADA YA DAKIKA 10. Angalia kilichopotea. Dakika zinahesabiwa kuanzia lini? Tangu mota isimame, au tangu umeme ukatwe? Mota inaweza kusimama huku kifaa bado kinapokea umeme. Halafu Kichina kinasema "ndipo inaruhusiwa", lakini Kiswahili kimegeuza ruhusa kuwa agizo: mtu anaambiwa afungue.

Kichina hupanga maneno kwa mfuatano wa matukio, yaani kata umeme, dakika kumi, kifuniko. Sisi tukitumia "baada ya" tunaupindua mfuatano na kutanguliza tendo la mwisho. Ningeurudisha hivi:

USIFUNGUE KIFUNIKO UKIWA NA HARAKA.

Hapana, huo ni ushauri, na kila mtu ana kipimo chake cha haraka. Hivi ndivyo inavyotakiwa:

1. ZIMA SWICHI KUU.
2. SUBIRI DAKIKA 10.
3. NDIPO UFUNGUE KIFUNIKO.

Imekuwa mistari mitatu, na hakuna hata mmoja unaoweza kuondolewa. Namba ya dakika inakiliwa kutoka kwenye kifaa hichohicho, wala haichukuliwi kwenye kifaa cha jirani, kwa kuwa hutofautiana.

Inabaki namna ya kujua kama tafsiri imefaa. Kampuni nyingi hutegemea kuirudisha katika lugha ya kwanza: mtu wa pili anaitafsiri upya, kisha wanalinganisha. Kwa vibao vya swichi njia hii inadanganya. "Usifunge swichi" ukiirudisha kwa Kiingereza unapata neno lilelile la mwanzo, na kosa linagongewa muhuri. Jaribio linaloaminika hufanyika kwenye kabati lisilo na umeme. Mlete mwendesha mtambo ambaye hajaona maandishi ya asili, ning'iniza kibao, umwombe akuoneshe kwa mkono kile alichokatazwa kufanya. Kisha mlete wa pili bila kumsikia wa kwanza. Mikono ikienda pande mbili tofauti, maneno yamekataliwa, hata kama ni Kiswahili fasaha.

Jaribio hilohilo linafichua udhaifu wa njia ya mkato inayopendwa sana, USIGUSE. Inaonekana salama kwa kuwa haina upande. Lakini kanuni za China zina kibao kingine, 禁止分闸, kinachokataza kinyume, yaani kutenganisha. Huwekwa kwenye swichi iliyo kati ya waya wa ethi na kifaa kinachotengenezwa. Swichi hiyo inapobaki imeunganishwa, umeme wowote utakaorudi kwa bahati mbaya unaenda ardhini badala ya kupita kwa fundi. Ukiitenganisha, umemwondolea kinga. Mtu aliyezoea kwamba kuzima ni usalama daima ataizima kwa nia njema kabisa. Kumwandikia USIGUSE vibao vyote viwili ni kumficha jambo ambalo Mchina amemwambia. Na hata USIZIME haitoshi hapa, kwa sababu hakuna kinachowaka. Ningeandika: USITENGANISHE SWICHI HII – INAMLINDA FUNDI. Ni kitenzi kigumu kidogo kwa kibao, na ndicho pekee ninachojua kinachompeleka mkono upande ulio sahihi.