Ripoti ya sabuni kwa Kiswahili: neno kwa neno, au "imepita" na "haijapita"?

"Nikimtafsiria mtengeneza sabuni ripoti ya maabara, niandike kila kitu kama kilivyo, au nimwambie tu imepita au haijapita?"

Anayetetea ufupi ana hoja nzito. Mtu anayepika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba anataka kujua kama mche wake unafaa, na akikosea, arekebishe nini. Hata vifupisho humpoteza: "76 min." kwenye safu ya kikomo husomeka kwa urahisi kama dakika 76. Hapo Kiswahili kinatuokoa vizuri, maana "isipungue 76.0" na "isizidi 0.05" havibabaishi mtu.

Lakini tuchukue ripoti ya mfano yenye mistari mitatu. Jumla ya mafuta: matokeo asilimia 70.0, isipungue 76.0. Kostiki huru: matokeo 0.03, isizidi 0.05. Unyevu: 15.0. Mtafsiri wa ufupi ataandika "haijapita, mafuta hayatoshi", na mtengenezaji atakwenda kuongeza mawese kwenye sufuria. Atakuwa amekosea, na kosa limetoka kwenye tafsiri.

Kipimo cha jumla ya mafuta hakitafuti mafuta mabichi yaliyobaki kwenye mche. Kwa njia ya ISO 685, sabuni huvunjwa kwa asidi ili asidi za mafuta zilizofungwa ndani yake zijitenge, kisha huchotwa kwa kiyeyushi na kiasi chake kukokotolewa kwa uzito. Kinachopatikana ni sehemu ya mche mzima, pamoja na maji yake. Mche wa gramu 100 wenye gramu 70 za mafuta hayo ukianikwa hadi ubaki gramu 92, gramu 70 zilezile zinakuwa asilimia 76.1. Mapishi hayakubadilika, maji ndiyo yamepungua. Ndiyo maana mstari wa unyevu haupaswi kuachwa eti kwa sababu hauna kikomo. Kama unyevu ungekuwa tayari mdogo huku mafuta yakiwa 70, kuanika kusingesaidia, na ingebidi kutazama kilichoongezwa kujaza uzito, kama vile ulanga.

Kwa hiyo mimi huandika "jumla ya mafuta yaliyomo kwenye sabuni", halafu chini yake sentensi moja ya ufafanuzi inayoonyesha wazi kwamba ni ya mtafsiri, si ya maabara. Namba ya njia ya upimaji huiacha ilivyo. Wapo wanaosema namba hiyo haimsaidii mpika sabuni, na kweli yeye haitamwambia kitu, lakini siku atakapopeleka mche maabara nyingine na kupata jibu tofauti, swali la kwanza litakuwa kama walipima kwa njia ileile, na kama waliupima ulivyopokelewa au baada ya kuukausha.

Mstari wa pili una mtego wa jina. Neno "alkali" la kwenye ripoti ya asili halisemi kitu sokoni, na wengi hukimbilia "magadi". Magadi ni kabonati, ilhali ISO 456 hupima kostiki ambayo haikushikana na mafuta, ile inayobabua ngozi. Ipo pia ISO 684 inayopima alkali huru yote, kabonati ikiwemo, kwa hiyo ukiandika magadi unachanganya vipimo viwili. "Kostiki iliyobaki" ndilo neno ambalo mpika sabuni analijua tangu dukani anakoinunua.

Kwenye hukumu ndipo sikubaliani kabisa na ufupi. Tuseme mche umeanikwa na sampuli mpya imefika 76.1. Maabara itaandika kwamba sampuli iliyopimwa inakidhi matakwa kwa vipimo vilivyoorodheshwa. Kuifanya sentensi hiyo "sabuni imethibitishwa" ni kumpa mteja kitu ambacho hakupewa. Tanzania, mnunuzi akisikia imethibitishwa atafikiri alama ya ubora ya TBS, nayo ni leseni inayoombwa kando. "Imepita" peke yake si uongo, ila inaficha mambo mawili: ni mche gani, na imepita nini. Vimelea au metali nzito kama havikupimwa, ripoti haijasema lolote juu yake.

Mwenye haraka anaweza kupewa neno lake kwenye mstari wa juu, bila kukatiwa mipaka yake: "Sampuli hii, ilivyopokelewa, imekidhi vikomo vya jumla ya mafuta na kostiki iliyobaki. Matokeo yanahusu sampuli iliyopimwa tu." Sentensi mbili, na mchuuzi anayezisoma hawezi kuzibandika kwenye mche utakaopikwa mwezi ujao.